Nani Alimruhusu Tessa Kusema Hayo?

Mwishoni mwa Mei 2023, mwanaharakati mmoja nchini Marekani aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji alianza kumhoji Tessa. Tessa hakuwa mtu. Alikuwa roboti ya mazungumzo kwenye tovuti ya NEDA, asasi ya kitaifa ya kuwasaidia watu wenye matatizo hayo. Roboti ikamshauri apunguze uzito nusu kilo hadi kilo moja hivi kwa wiki, na kila siku apunguze kalori 500 hadi 1,000 katika chakula chake.

Kwa mtu mwingine, huo ungekuwa ushauri wa kawaida wa gazetini. Kwa mtu anayejinyima chakula hadi mwili unadhoofika, ni kumsukuma shimoni. Mwanaharakati huyo alianika mambo hadharani, na Mei 30 NEDA ikamzima Tessa. Siku chache tu zilikuwa zimesalia kabla ya asasi hiyo kufunga huduma yake ya simu, iliyohudumiwa na watu kwa zaidi ya miaka 20.

Chanzo cha kosa ndicho chenye somo. Tessa alipobuniwa na watafiti wa chuo kikuu, hakuwa na uwezo wa kutunga sentensi. Alichagua majibu yaliyokwisha kuandikwa na wataalamu, basi. Baadaye kampuni iliyoendesha mfumo iliongeza akili mnemba inayojitungia majibu. Kampuni ilisema badiliko hilo lilikuwa ndani ya mkataba. NEDA ikasema haikuarifiwa na isingekubali kamwe. Jina la roboti lilibaki lilelile, lakini aliyekuwa akizungumza alikuwa amebadilika.

Kwa hiyo asasi inayoandika sera ya majibu ya mashine isianze na orodha ya makatazo. Makatazo hayana mwisho, na hatari huja kwa maneno ambayo mwandishi wa sera hakuyawazia. Tuchukue asasi ya ushauri nasaha inayopokea ujumbe wa WhatsApp. Imeiagiza mashine ikiona neno “kujiua” imwite mshauri. Saa tatu usiku unaingia ujumbe: “Nimechoka, natamani nilale nisiamke.” Neno linalotafutwa halimo. Mashine inaona mtu mchovu, inamtumia dondoo za usingizi mzuri.

Sera nzuri huligeuza jambo hilo: huorodhesha yanayoruhusiwa, na yote yaliyobaki huenda kwa binadamu. Orodha yenyewe huwa fupi. Saa za kazi, mahali ofisi ilipo, risiti ya mchango uliotumwa kwa simu, na taarifa kwamba ujumbe umepokelewa; yote kwa maneno yaliyoandikwa na watu, ambayo mashine haiyabadilishi hata kidogo. Majibu kuhusu huduma, na machapisho ya mitandaoni, mashine inaweza kuyaandalia rasimu, ila hayatoki mpaka mfanyakazi mwenye jina lake kwenye kumbukumbu ayasome na kuyapitisha. Habari za afya, ukatili, watoto na misiba haziandaliwi hata rasimu.

Chini ya kanuni hiyo, yule wa saa tatu usiku angepata maneno yaliyopangwa: kwamba anayejibu ni mashine, kwamba mshauri atamjibu saa ngapi, na namba ya simu anayoweza kupiga sasa hivi kama maisha yako hatarini. Hapo ndipo sera nyingi hupwaya. Kuandika “apelekwe kwa binadamu” bila kupanga nani yuko zamu usiku ni kumwacha mtu mlangoni. Kama hakuna wa zamu, maneno yaliyopangwa yaseme hivyo waziwazi, na namba iliyotolewa iwe imepigwa na kuhakikiwa kwamba inapokelewa saa hiyo.

Kifungu kinachofuata kingeweza kumnusuru Tessa: mtoa huduma asiongeze wala asibadilishe namna mashine inavyojibu bila idhini ya maandishi. Kifungu hicho kiwemo pia kwenye mkataba wenyewe, kwa sababu kampuni haifungwi na sera iliyo kabatini mwa asasi.

Hata hivyo, mkataba haugundui kosa. Kwa Tessa, aliyepiga kelele alikuwa mtu wa nje. Ndiyo maana sera itaje siku na mtu: mathalani kila Jumatatu mshauri asome mazungumzo 20 ya wiki iliyopita, neno kwa neno, na kabla hajaanza aitumie mashine maswali yaleyale 10 ya mtego. Jibu likitoka tofauti na lilivyoandikwa, kuna kitu kimeguswa. Wakati huo mshauri awe na ruhusa ya kuizima mashine hapohapo, bila kumsubiri mkurugenzi atoke kikaoni.