Kubadilisha Kitu Kimoja Tu Katika Picha

Mtumiaji anayetaka kuona jinsi kochi lake litakavyokuwa likivikwa kitambaa kipya, kabla ya kumlipa fundi, aweza kuipa programu ya akili unde picha ya sebule yake pamoja na maelekezo. Lakini akiandika tu, “Fanya kochi lipendeze zaidi,” asishangae kuona mapazia na zulia navyo vimegeuka. Programu nyingi za aina hii huichora upya picha nzima, na lisilotajwa huachwa kwa makisio yake.

Yafaa maelekezo yakitaje kitu kwa mahali kilipo na hali yake ya sasa, kisha badiliko lenyewe, na mwisho mambo yasiyopaswa kuguswa: “Badilisha rangi ya kochi la kahawia lililo upande wa kushoto iwe kijani iliyokoza. Umbo la kochi, mito iliyo juu yake, mapazia, zulia na vivuli vibaki kama vilivyo.” Mito imetajwa kwa makusudi, kwa kuwa ni rahisi ichukuliwe kuwa sehemu ya kochi.

Linganisha matokeo na picha ya awali. Angalia hasa nyuso na maandishi, ambavyo huweza kupotoka hata baada ya kukatazwa. Ukiona kasoro, rekebisha maneno na uanze tena na picha ya awali, maana kuhariri nakala iliyokwisha kuhaririwa hulimbikiza makosa. Tena, rangi ya kwenye skrini si rangi ya kitambaa: mwombe fundi kipande cha sampuli kabla ya kulipa.