Saa ya Mkononi Haioni Miguu

Mama anatoka bombani Sofu, mkoani Pwani, na ndoo ya lita 20 kichwani. Mkono wa kushoto umeinuka kushika ukingo wa ndoo na mwili umenyooka ili maji yasimwagike. Anatembea hasa, na kwa mzigo ule anafanya kazi kubwa. Saa janja ikiwa kwenye mkono huohuo, inaweza kumwandikia hatua chache sana. Wakati huohuo dereva wa bodaboda anayempeleka abiria Maili Moja amekaa kitako, ila usukani unamtikisa kila penye kishimo, na saa yake inaweza kumhesabia hatua ambazo miguu yake haijapiga.

Saa haijaharibika. Ndani yake mna kipima mtikisiko, kijidude kidogo kinachohisi mkono unavyoharakishwa kwenda mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia. Mtu akitembea akipunga mikono, mtikisiko huo hurudiarudia kwa mdundo unaolingana, na programu ya saa huhesabu kila mdundo kuwa hatua. Saa nyingi husubiri kwanza mfululizo wa midundo kadhaa kabla ya kuanza kuhesabu, ili kila ukijikuna usiandikiwe hatua. Ndiyo maana vihatua vya jikoni, vinne kwenda jikoni na vitatu kurudi, mara nyingi hupotea. Kwa upande mwingine kukuna nazi, kufua nguo na kutwanga kwenye kinu vina mdundo mzuri, na saa huvisoma kama matembezi.

Kabla ya kuipima, saa na simu lazima zielewane, na hapa wengi hukosea mlangoni. Wanafungua mipangilio ya simu, wanaingia Bluetooth, wanagusa jina la saa na kuona imeungana. Kisha takwimu haziji. Saa hizi huunganishwa kutoka ndani ya programu yake yenyewe, ile iliyotajwa kwenye kijitabu au kwenye msimbo wa QR uliomo katika boksi. Kama umeshaiunganisha kwenye mipangilio, ifute hapo, kisha washa Bluetooth, fungua programu na uongeze kifaa. Kwenye simu ya Android 11 au ya zamani zaidi, washa na Location pia, kwani bila hiyo simu hairuhusu programu kutafuta vifaa vya jirani. Jina likitokea, linganisha tarakimu za mwisho na zile zinazoonekana kwenye saa, maana dukani au ndani ya daladala huenda ukaigusa saa ya mwingine. Saa zinazopokea simu huomba muunganiko wa pili kwa ajili ya sauti, na huo ndio unaokubaliwa kwenye mipangilio.

Saa iliyonunuliwa mkononi kwa mtu ina tatizo jingine. Ikiwa simu ya mmiliki wa awali bado imeishikilia, haitatokea kwenye orodha yako hata ukitafuta mchana kutwa. Aiondoe kwenye programu yake mbele yako kabla hujatoa hela. Jingine ni betri: simu nyingi za Android huizima programu kimyakimya ili kuokoa chaji, na ujumbe huacha kufika mkononi. Ingia kwenye sehemu ya betri uiruhusu ifanye kazi bila kubanwa. Hatua zenyewe hazipotei haraka, kwa sababu saa huzitunza na kuzihamishia kwenye simu ukifungua programu.

Sasa ipime. Hesabu kwa mdomo hatua 200 ukitembea mikono ikiwa huru, uangalie saa imeongeza ngapi. Rudia njia ileile ukiwa na ndoo. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo inayokuonyesha siku yako inavyopunjwa. Kama kazi zako ni za kubeba au kusukuma mkokoteni, ifunge saa kifundoni mwa mguu au ipachike imara kwenye pindo la kanga kiunoni, kisha urudie hesabu uone ipi inakaribia 200. Kiuno hakihitaji mkono upungwe.

Kipima hatua kilichosambaza lengo la hatua 10,000 nacho kilivaliwa kiunoni. Kilianza kuuzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kwa jina lililotaja hatua hizo. Lengo hilo halikuwa agizo la daktari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliofuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wa 2,700, na faida ilisimama karibu na hatua 7,500. Kwa hiyo bibi anayefika 5,000 hana sababu ya kuvunjwa moyo na duara la saa ambalo halijajaa.

Mapigo ya moyo husomwa kwa mwanga. Taa ya kijani mgongoni mwa saa humulika ngozi, damu hufyonza ukijani huo, na kila moyo unaposukuma, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Ukiwa umetulia, kazi hii hufanyika vizuri. Ukianza kukimbia, saa iliyolegea huchezacheza na huweza kusoma mdundo wa hatua badala ya moyo. Ukiona mapigo 160 huku unaweza kuongea bila kuhema, simama, weka vidole viwili chini ya kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 30 na uzidishe kwa mbili. Kwa kawaida kukaza mkanda na kusogeza saa juu kidogo ya mfupa wa kifundo hutosha kurekebisha.

Namba ninayoithamini kuliko zote ni mapigo ya mapumziko. Kwa mtu mzima huwa kati ya 60 na 100, lakini cha maana ni kiwango chako mwenyewe. Tuseme kwa wiki tatu asubuhi zako zimekuwa 66, 68, 67. Leo ni 84, na hukulala kwenye joto wala hukunywa pombe. Homa huongeza takribani mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na Pwani ni mkoa wa malaria. Saa haijui una nini, ila imekupa sababu ya kwenda kituo cha afya kupimwa damu leo badala ya keshokutwa. Hata ikisoma 67, mtu mwenye homa na baridi ya mwili aende vilevile.

Sukari isahau. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari akipanga sindano yake ya insulini kwa namba ya mkononi anaweza kuzimia. Na shinikizo la damu lipimwe kwa mashine ya kufunga mkono.

Kuhusu usingizi, saa huunganisha utulivu wa mkono na kushuka kwa mapigo, kisha hukisia. Ukilala chali saa nzima ukitazama tamthilia, inaweza kukuandikia usingizi. Dakika za usingizi mzito na wa ndoto ni makisio zaidi, kwa sababu hospitalini aina hizo za usingizi husomwa kwa nyaya za kichwani zinazopima ubongo. Muda wa kulala na wa kuamka ndio unaokaribia ukweli.

Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi walivalishwa vifaa vya aina hii mkononi na watafiti. Matokeo ya 2015, yaliyojumuisha pia Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, yalikuta usingizi wa wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku, bila taa za umeme wala simu. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa 2017, watu wazima 33 wa Kihadzabe walifuatiliwa kwa siku 20, na muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Kuamka usiku, kugeuka, kulala tena, kwao ni kawaida. Anayeamka Sofu akiwa na nguvu zake, kisha akaambiwa na simu kwamba amelala vibaya kwa sababu aliamka mara mbili usiku, auamini mwili wake.