Wazee walimrudisha mara tatu: Kikao cha ndoa kinaposaidia na kinapoumiza

Kikao cha kwanza kilifanyika sebuleni kwa baba mdogo wa mume, Buza jijini Dar es Salaam. Mume alikiri kumpiga mkewe, akatozwa faini ya kanga doti mbili na mbuzi mmoja, na wote wakala pilau pamoja. Kikao cha pili, miezi minne baadaye, hakikuwa na faini. Mke aliambiwa apunguze mdomo.

Kikao cha tatu kiliitwa baada ya mume kumkaba koo. Mama huyo mwenye umri wa miaka 31, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa usalama wake, anasema wazee walimtazama shingoni wasione alama.

“Wakasema nimezidisha mambo. Shangazi akanishika mkono akanirudisha mwenyewe mpaka chumbani kwangu,” anasimulia.

Siku iliyofuata alikwenda kliniki kumpima mtoto uzito. Muuguzi alimsikia anavyoongea akamuuliza sauti imepatwa na nini. Alipojibu kwamba ni mafua, muuguzi akamuuliza tena, safari hii mlango ukiwa umefungwa.

Muuguzi huyo ana sababu ya kuuliza. Anasema mtu aliyekabwa mara nyingi habaki na alama yoyote nje ya shingo, ilhali ndani koo na mishipa ya damu vimeumia. Dalili za kuangalia ni sauti kukwaruza, maumivu wakati wa kumeza, kupumua kwa shida, kizunguzungu, kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au vidoti vyekundu kwenye weupe wa macho.

“Nyingine zinakuja baada ya saa kadhaa au siku mbili tatu. Mtu wa namna hiyo anatakiwa hospitali. Na kukabwa ni moja ya ishara kubwa kwamba safari nyingine anaweza kuuawa,” anasema.

Hapo ndipo penye tatizo. Wazee wale hawakuwa watu wabaya. Walitumia njia waliyoizoea, njia ambayo katika ugomvi mwingine hufanya kazi vizuri sana.

Mtaa huohuo yupo mzee mstaafu ambaye amekuwa mshenga wa ndoa nyingi. Mwaka jana alisuluhisha wanandoa waliokuwa hawasemeshani kwa wiki sita. Mke alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu bila kumwambia mume, wadai wakaja kubeba televisheni. Mume aliona amedharauliwa. Mke naye alikuwa na lake: mume hakuwahi kumtajia mshahara wake, na ada ya mtoto ilikuwa imefika siku ya mwisho.

Mzee alianza kwa kumsikiliza kila mmoja peke yake, kisha akawakutanisha pamoja na mtu mmoja kutoka kila upande. Deni liliandikwa kwenye daftari, wakapanga nani atalipa kiasi gani kila wiki na nani atashika fedha ya ada. Waliwekeana tarehe ya kurudi baada ya mwezi mmoja. Deni limekwisha, nao bado wako pamoja.

Utaratibu wa mtu mmoja kutoka kila upande si mgeni. Waislamu wanaujua kutoka Sura An-Nisaa, aya ya 35, inayoelekeza kupeleka mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke. Kikao cha Buza kilikuwa na wazee watano wa upande wa mume, na upande wa mke alikuwepo shangazi peke yake.

Lakini mzee yule anasema idadi ya wajumbe si jambo la kwanza analoliangalia.

“Nikiwa na mmoja peke yake namuuliza: unamwogopa mwenzako? Akisema namkasirikia, namchukia, nimemchoka, hapo kazi yangu ipo. Akisema namwogopa, au akitazama mlangoni kabla ya kujibu, mimi kikao sikiiti,” anasema.

Sababu yake ni nyepesi. Usuluhishi unataka watu wawili wanaoweza kusema ukweli mbele ya mwenzao na kila mmoja kulegeza kidogo. Anayepigwa hana cha kulegeza, na akisema ukweli mbele ya anayempiga, jioni anarudi naye nyumba moja. Mama wa Buza anasema kipigo kibaya zaidi alikipata usiku ule wa kikao cha pili, kwa kosa la “kumwaibisha mume mbele ya wazee”.

Hasara nyingine ni muda. Kila kikao kinapoahirishwa, majeraha yanapona na ushahidi unapotea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko au kipigo. Kwa hiyo kupigwa ni jambo la polisi, na hakuhitaji ruhusa ya ukoo, shehe wala mchungaji. Anayeumizwa anaweza kwenda kituo chenye Dawati la Jinsia na Watoto, akapewa fomu ya PF3, na daktari akaandika alichokiona. Aliye katika hali mbaya atangulie hospitali kwanza.

Wengi pia wanachanganya kikao cha ukoo na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kwa kifungu cha 101 cha sheria hiyo, kwa kawaida mahakama haipokei maombi ya talaka kabla shauri halijapita kwenye baraza na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza haya yapo kwenye kata, na baadhi ya taasisi za dini zina ya kwao yanayotambuliwa. Baraza linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano.

Barua ya wazee wa ukoo, hata iwe na sahihi kumi, haichukui nafasi ya hati ya baraza. Hati yenyewe isiwe imepita miezi sita tangu itolewe hadi maombi yanapofunguliwa mahakamani. Baraza halivunji ndoa wala kugawa mali. Hayo ni ya mahakama.

Je, anayeogopa kukaa meza moja na mumewe afanyeje? Sheria imeacha milango. Mwenzako akiitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika, au amekutelekeza na hujui aliko, unaweza kwenda mahakamani bila kupitia usuluhishi. Mahakama pia inaweza kuondoa sharti hilo ikiridhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane.

Mama wa Buza alipita njia ndefu. Muuguzi alimpeleka kwa daktari, PF3 ikajazwa, akalala kwa dada yake Kigamboni bila kumwambia mume aliko, kwa kuwa siku za kuondoka ndizo mara nyingi zenye hatari zaidi. Mume aliitwa barazani mara mbili hakutokea, na baraza likampa mke hati. Shauri lake sasa liko mahakamani.

Shangazi yake alikuja kumwona mwezi uliopita. Nilimuuliza kama angemrudisha tena. Alikaa kimya kidogo.

“Sisi tulitafuta alama shingoni,” akasema. “Sauti tuliisikia imebadilika, hakuna aliyeuliza.”