Barua ya Kuwaomba Radhi Abiria Waliokwama Njiani

Barua ya radhi ya kampuni ya mabasi husomwa na mashahidi. Abiria aliyekaa kando ya barabara kutwa nzima anajua gari liliharibika saa ngapi na kondakta alisema nini. Akikuta barua inasimulia tukio tofauti na alivyoliona, haiamini tena hata pale inaposema kweli.

Tangazo lililozoeleka kwenye dirisha la tiketi husomeka hivi: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Maneno hayo yangefaa hata kwa umeme uliokatika. Hayataji saa wala mahali, na hayamtaji aliyekosea.

Mara nyingi safari iliyokwama huwa na mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. La kwanza ni hitilafu yenyewe, ambayo huenda isiwe kosa la mtu. La pili ni jinsi kampuni ilivyoishughulikia: ilituma gari lini, ilisema nini, iliwajali vipi watu. Abiria wengi husamehe la kwanza upesi; hasira yao iko kwenye la pili. Barua ya kweli huomba radhi hasa kwa hilo.

Chukua mfano wa kubuni wa basi linaloondoka kituo cha Magufuli, Mbezi, saa 12 asubuhi kwenda Mbeya. Saa 7 mchana bomba la rejeta linapasuka Ruaha Mbuyuni, kabla ya mlima Kitonga. Ofisi inatuma basi la akiba kutoka Dar es Salaam, huku abiria wakiambiwa fundi anakaribia. Basi hilo linafika saa 2 usiku. Barua yao ingeweza kuwa hivi:

"Ndugu abiria,

Jana basi letu la Mbeya liliharibika Ruaha Mbuyuni saa 7 mchana baada ya bomba la rejeta kupasuka. Mlikaa hapo hadi saa 2 usiku, mkafika Mbeya saa 9 usiku badala ya saa 2.

Bomba lilipasuka ghafla, lakini kuwaacha muda wote huo ni kosa letu. Tulituma gari kutoka Dar es Salaam wakati tungeweza kukodi jingine Iringa, ambako ni karibu zaidi. Pia mliambiwa fundi anakaribia, na haikuwa kweli. Wengine mlikuwa na watoto wadogo, wengine mlikosa magari ya kwenda Tukuyu na Kyela. Tunaomba mtusamehe.

Kila abiria atarudishiwa nusu ya nauli kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye tiketi, kabla ya Ijumaa. Aliyelazimika kulala Mbeya alete risiti ya chumba kwa wakala wetu wa hapo, naye atarudishiwa fedha.

Kuanzia wiki hii tutakuwa na makubaliano ya gari la kukodi Morogoro na Iringa. Gari likikwama, kondakta atawapa taarifa kila baada ya saa moja, hata kama hakuna jipya."

Chini huwekwa jina la meneja na namba ya simu inayopokelewa. Saini ya "Uongozi" haimpi abiria mtu wa kumuuliza.

Barua hiyo haimtupii lawama dereva wala kondakta, kwa sababu abiria alikata tiketi ya kampuni. Haiahidi kwamba tatizo halitatokea tena, maana kila gari huharibika. Inaahidi mambo ambayo abiria anaweza kuyahakiki safari ijayo. Chanzo kikiwa bado hakijulikani, huandikwa kwamba mafundi wanachunguza na majibu yatatolewa lini. Kukiwa na majeruhi au uchunguzi wa polisi, barua hueleza yaliyothibitishwa tu, na kampuni huwatafuta walioumia mmoja mmoja.

Wakati wa kutuma nao una uzito. Ujumbe mfupi wa simu hutangulia siku ileile, ukitaja kosa na muda wa kupata maelezo kamili. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, kwa hiyo hautoshi kwa barua nzima. Barua yenyewe hufuata kesho yake, kabla abiria hawajaanza kuzungushwa kwa mawakala wakidai chao.

Mahali pa kuharibu kila kitu ni kwenye malipo. Barua ikisema Ijumaa na fedha zikafika wiki mbili baadaye, abiria atakuwa na madai mawili badala ya moja. Kampuni isiyo na uhakika wa kulipa nusu ya nauli ni afadhali iahidi robo na kuilipa kwa siku iliyotajwa.