Kitita cha Kumi

Barua hii huwa naibandika ukutani, usawa wa macho ya watoto wa darasa la pili:

"Watoto wangu, mezani kuna vijiti vingi. Ukivihesabu kimoja kimoja mpaka mwisho, utapotea njiani. Basi hesabu kumi, ufunge. Hesabu kumi tena, ufunge. Vikibaki ambavyo havitimii kumi, viache hivyo hivyo. Vitita vikifika kumi, vifunge pamoja kwa kamba ndefu: hiyo ni mia moja. Kisha niambie una mia ngapi, vitita vingapi na vijiti vingapi vilivyobaki."

Wazazi wakiisoma huuliza kwa nini tunahangaika na kufunga, ilhali mtoto nyumbani anahesabu mpaka mia bila kukosea. Kutaja majina ya namba kwa mpangilio ni jambo moja. Kujua rundo lililo mbele yako lina vingapi ni jambo lingine kabisa. Mpe mtoto huyo huyo rundo la vijiti 143. Akifika sabini na kitu, mwenzake akimsemesha, hakumbuki tena alikuwa sabini na nane au sabini na tisa, na inambidi aanze upya. Anayefunga hana hasara hiyo. Vitita alivyokwisha kufunga viko salama, na akikatizwa anarudia vile vichache tu vilivyo mkononi.

Vijiti vyenyewe havina gharama. Njiti za fagio la chelewa zinafaa, zikikatwa ziwe na urefu mmoja, pamoja na vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli vya kufungia. Sharti ni moja tu: kila kitita kiwe na kumi kamili. Kimoja kikiwa na tisa, jibu lote limeharibika na hakuna atakayejua kosa liko wapi. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha, watoto hubadilishana vitita na kila mmoja hukagua vya mwenzake.

Rundo letu la 143 likishafungwa linakuwa fungu moja la mia, vitita vinne na vijiti vitatu. Hapo ndipo tunapochora safu tatu ubaoni: mamia, makumi, mamoja. Kabla ya kuzoea hilo, watoto wengi huandika 100403, kwa sababu wanaandika wanachosikia: mia moja, arobaini, tatu. Simwambii mtoto kwamba amekosea. Namwomba aweke vijiti vyake chini ya safu, kisha aandike tarakimu moja tu juu ya kila safu. Anaandika 1, 4, 3, na ile sita ya tarakimu inatoweka yenyewe. Sifuri nayo hupata kazi yake hapo: mwenye mafungu mawili ya mia na vijiti saba hana kitita hata kimoja, na safu hiyo tupu lazima iandikwe, 207, la sivyo itasomeka 27.

Faida kubwa zaidi huonekana katika kutoa. Chukua 42 kutoa 17. Kosa la kawaida ni 35: mtoto anaona 2 na 7, anatoa ndogo kwenye kubwa na kupata 5, kisha 4 kutoa 1 anapata 3. Kwenye daftari hakuna kinachomzuia. Mezani kipo. Ana vitita vinne na vijiti viwili, nami nataka vijiti saba. Anavitazama vile viwili, ananitazama, kisha anafungua mpira wa kitita kimoja. Sasa ana vitita vitatu na vijiti kumi na viwili. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa kitita kimoja, vinabaki viwili. Jibu ni 25. Kile ambacho wakubwa tulikariri kwa jina la kukopa, yeye amekifanya kwa vidole vyake.

Vijiti vina mpaka wao. Kufika elfu moja ni mzigo usiobebeka darasani. Tena kitita ni kumi popote kinapowekwa, kulia au kushoto, lakini tarakimu haiko hivyo: 34 ukiigeuza inakuwa 43. Mtoto anaweza kuwa hodari wa kufunga na bado asijue hilo, ndiyo maana vijiti na safu lazima viende pamoja.

Ukitaka kujua mwanao amefika wapi, weka vitita vitano na vijiti sita, umwambie akupe thelathini na nne. Akianza kufungua mipira ili ahesabu moja, mbili, tatu, kwake kitita bado ni vijiti vilivyobanwa tu. Akinyakua vitita vitatu na vijiti vinne bila kufungua kitu, mwandikie 34 na umuulize ile 3 ni vijiti vingapi. Atakayejibu "thelathini" bila kutazama mezani anaweza kuanza kufanya hesabu za aina hiyo daftarini bila vijiti.