Dizeli Inapotetemeka Kwenye Foleni

Gari la dizeli lenye ugonjwa huu huwa halilalamiki sana likiwa barabara kuu. Taabu huanza likisimama. Usukani unatetemeka, vioo vya pembeni vinacheza, na mshale wa mizunguko ya injini unapanda na kushuka bila mtu kugusa mafuta. Taa zikiruhusu, dereva anakanyaga, gari linasita kidogo, kisha linaondoka na wingu la moshi mweusi nyuma yake. Fundi akisikia maelezo hayo, mara nyingi mawazo yake hukimbilia kwenye nozeli. Nozeli za injini za kisasa ni ghali, na nimeona watu wakizilipia zote nne na gari likaendelea kutetemeka vilevile. Hakuna aliyekuwa ameangalia valvu ya EGR.

Kazi ya valvu hiyo ni kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa ili uingie tena ndani ya injini. Moshi huo umeshapoteza sehemu kubwa ya oksijeni yake. Ukichanganyika na hewa mpya, mafuta huungua kwa joto la chini zaidi. Lengo ni hilo: joto kali la mwako ndilo linalounganisha nitrojeni na oksijeni ya hewani na kuzaa oksidi za nitrojeni, gesi zinazowasha mapafu. Kompyuta ya gari hufungua valvu hasa injini ikiwa na kazi ndogo, na huifunga dereva anapotaka nguvu nyingi, kwa sababu wakati huo kila chembe ya oksijeni inahitajika.

Tatizo ni kwamba moshi wa dizeli unabeba masizi. Peke yake, masizi makavu yangepita tu. Lakini kwenye njia hiyohiyo ya hewa kuna mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini kupitia mpira wa kupumulia. Masizi na oili vikikutana hugeuka utando mweusi, mzito kama dawa ya viatu, unaoganda kwenye kuta za manifoldi na kwenye shina la valvu. Safari fupi za mjini huharakisha mambo, kwa kuwa injini haipati moto wa kutosha na valvu inakaa wazi muda mrefu.

Uchafu huu unaweza kuleta matatizo mawili yasiyofanana. Njia ikiziba kabisa, moshi haurudi tena. Hapo gari huweza kutembea vizuri tu, ila taa ya injini inawaka na mashine ya kusoma makosa inaonyesha P0401, maana yake moshi unaorudi hautoshi. Kutetemeka na kusita huletwa zaidi na hali ya pili: donge la masizi limekaa kati ya valvu na kiti chake, hivyo valvu haifungi hata ikiamriwa. Hapo moshi unaingia kila wakati. Gari likiwa limesimama, injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo moshi huo unachukua nafasi kubwa na mwako unayumba. Dereva akikanyaga, sensa ya hewa inaiambia kompyuta kwamba hewa safi ni haba, nayo kompyuta inabana mafuta. Wakati huohuo, sehemu ya moshi uliopaswa kusukuma tabo inatorokea upande wa hewa. Ndipo gari linasita.

Jambo zuri ni kwamba hali hii inaweza kuthibitishwa kabla ya kufungua chochote cha gharama. Katika gereji moja ya Kinondoni nilimtazama fundi akiipima Prado ya mwaka 2006 yenye injini ya dizeli ya lita 3. Kwenye gari hilo valvu hufunguliwa kwa nguvu ya vakyumu na kufungwa na springi. Fundi aliwasha injini ikapata moto, kisha akachomoa mpira mwembamba wa vakyumu kwenye valvu. Bila vakyumu, springi inapaswa kuifunga. Gari liliendelea kutetemeka.

Kisha akasoma sensa ya hewa. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Injini ya lita 3 humeza lita 3 za hewa kila ikizunguka mara mbili. Kwa mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni lita 1,125 kwa dakika, karibu lita 19 kwa sekunde. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu moja na ushei, lakini injini haijazi silinda zake kikamilifu, kwa hiyo fundi alitarajia gramu 18 hadi 20 kwa sekunde. Mashine ilionyesha 9. Zaidi ya nusu ya nafasi ilikuwa imejazwa na kitu kingine.

Hapo angeweza kudhani kwamba sensa yenyewe ni mbovu. Hakudhani. Alizima injini, akasubiri ipoe, akakata kipande cha bati jembamba na kukiweka kwenye maungio ya bomba la moshi, kabla ya valvu. Alipowasha tena, kutetemeka kuliisha na kipimo kikasoma 19. Jaribio hilo moja liliisafisha sensa, likaziondolea nozeli lawama, na kuonyesha kwamba valvu inavujisha.

Kuisafisha kulichukua sehemu kubwa ya mchana. Fundi aliifungua, akaloweka upande wa chuma kwenye dawa ya kusafishia kabureta, na kusugua kwa brashi ya nailoni. Hakutumia bisibisi, kwa sababu mkwaruzo kwenye kiti cha valvu utavujisha moshi milele. Valvu zinazoendeshwa kwa mota ya umeme zinahitaji uangalifu zaidi: dawa isifike kwenye mota, shina lisilazimishwe kwa mkono, na kwenye baadhi ya magari kompyuta lazima ifundishwe upya mahali valvu inapofunga. Wapo wanaopuliza dawa kwenye njia ya hewa injini ikiwa inawaka. Kwenye dizeli hilo ni hatari, kwani dawa inayoungua ni mafuta yasiyopitia kwenye nozeli, na kikanyagio hakiwezi kuyadhibiti. Injini inaweza kupanda mizunguko na kukataa kuzimika.

Mwenye gari aliomba lile bati liachwe humohumo. Wengi hufanya hivyo, na gari hutembea. Mimi siungi mkono. Taa ya injini huweza kubaki inawaka na kuficha makosa mengine, na gesi zile zinaishia kwenye mapafu ya wauza maji na madereva wa bodaboda wanaosimama nyuma ya ekzosi hiyo kutwa nzima. Fundi naye alikataa. Alifunga gasketi mpya, akafuta kosa kwenye kompyuta, kisha akafungua mipira ya tabo kutazama kama kuna oili nyingi kuliko kawaida, maana tabo inayovujisha oili ingeijaza valvu upya upesi.

Kabla ya kurudisha valvu alikuwa amefanya kipimo kimoja cha mwisho. Aliivuta kwa pampu ya mkono ya vakyumu na kuangalia mshale. Ulisimama palepale, ishara kwamba utando wa mpira ndani ya kofia yake ni mzima. Ungeshuka, usafi wote ule usingefaa kitu, na valvu ingebidi inunuliwe nyingine.