Chungu au kakasi? Jinsi ya kuisoma kahawa yako mdomoni

Mkulima wa kahawa anapeleka sampuli yake kuonjwa, na majibu yanarudi na maneno machache: uzito mdogo, ukakasi, mwisho mfupi. Anaulizwa na jirani yake majibu yanasemaje, naye anajibu, "Wanasema kahawa yangu ni chungu." Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ukakasi si uchungu. Kila kimoja kina chanzo chake, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Mkulima aliyeambiwa ana ukakasi akadhani ni uchungu, atamlaumu aliyeikaanga, au ataamini kwamba mbuni wake ni wa aina mbaya, wakati kosa liko kwenye kapu la kuchumia.

Katika makala haya tunaeleza maneno matatu ambayo waonjaji wa kahawa hutumia kusema jinsi kinywaji kinavyojisikia mdomoni, kisha tunaonyesha njia ya kutofautisha uchungu na ukakasi ukiwa nyumbani kwako.

Uchungu ni ladha, ukakasi ni mguso

Anza na vitu unavyovijua. Kumbuka vidonge vya zamani vya malaria, klorokwini au kwinini, kimoja kikikuyeyukia mdomoni kabla hujakimeza. Ule ni uchungu mtupu. Unausikia kwenye ulimi na nyuma karibu na koo, uso unakunjamana, lakini mdomo haukauki. Mate yapo, na ulimi unateleza kama kawaida.

Sasa kumbuka kuuma ndizi mbichi, au bibo la korosho, au zambarau ambazo hazijaiva sawasawa. Mdomo unakuwa kama umepakwa vumbi. Ulimi unakwaruza ukiupitisha juu ya meno, mashavu yanavutwa kwa ndani, na fizi zinakauka. Huo ndio ukakasi.

Sababu ya tofauti hii ni kwamba uchungu hutambuliwa na vionjeo vilivyoko zaidi kwenye ulimi. Ukakasi hauhitaji vionjeo. Mate yetu yana protini zinazoufanya mdomo uwe laini na uteleze, kama mafuta kwenye bawaba ya mlango. Viini vilivyomo kwenye matunda mabichi, chai kali na kahawa fulani hushikamana na protini hizo na kuzigandisha. Ulaini unaondoka, na nyama ya mdomo inaanza kusuguana. Kwa hiyo ukakasi unausikia hata kwenye fizi na ndani ya midomo, mahali ambapo huwezi kuonja chumvi wala sukari.

Ukichanganyikiwa, jiulize maswali matatu.

Kwanza, naisikia wapi? Pitisha ulimi juu ya fizi na nyuma ya meno ya mbele. Ukikwaruza, ni ukakasi. Ukiteleza huku ladha mbaya ikiwa imekaa kwenye ulimi, ni uchungu.

Pili, inaongezeka? Uchungu hujitokeza mapema. Ukakasi huchelewa kidogo, tena hujilimbikiza: funda la tatu hukausha kuliko la kwanza, kwa sababu mate hayajapata nafasi ya kurudi.

Tatu, inapunguzwa na nini? Sukari hufunika uchungu vizuri, lakini ukavu wa mdomo haiuondoi. Maziwa hufanya kazi nyingine. Protini zake hushikana na vile viini kabla havijafika kwenye mate yako, na ndiyo maana chai iliyokaa sana na majani hukausha mdomo ikiwa ya rangi, lakini ikitiwa maziwa inakuwa laini.

Usiuchanganye ukakasi na uchachu pia. Uchachu, kama wa limau au ukwaju, huleta mate. Ukakasi huyakausha. Na kwenye kahawa ya arabika, uchachu mzuri ni sifa, si kasoro.

Uzito mdomoni

Neno la pili ni uzito, ambalo waonjaji wengine huliita bodi. Hili halihusu ladha kabisa. Weka maji mdomoni, kisha maziwa, kisha uji mwepesi. Hata ukifumba macho utajua kipi kizito. Kahawa nayo ni hivyo: nyingine hupita kama maji, nyingine hujaza mdomo na kuulalia ulimi.

Uzito huo hutokana na mafuta ya kahawa, na chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya kikombe, pamoja na vitu vilivyoyeyuka. Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa ni nzito kuliko iliyopitishwa kwenye karatasi ya kuchujia, kwa kuwa karatasi huzuia mafuta na chembe hizo. Robusta, kama ile inayolimwa sana Kagera, kwa kawaida ni nzito kuliko arabika. Na kahawa iliyokaushwa pamoja na maganda yake mara nyingi huwa nzito kuliko iliyomenywa na kuoshwa.

Kosa la kawaida ni kudhani kahawa nzito ni kahawa chungu au kakasi. Kahawa inaweza kuwa nzito na laini kama maziwa, na nyingine ikawa nyepesi kama maji na bado ikakausha mdomo.

Mwisho wa ladha

Neno la tatu ni mwisho, yaani kinachobaki baada ya kumeza au kutema. Kipime kwa kuhesabu polepole. Ukifika tano na hakuna kitu tena, mwisho ni mfupi. Ukifika ishirini na ladha bado ipo, mwisho ni mrefu.

Lakini urefu peke yake hausemi kama ni kuzuri au kubaya. Utamu kama wa muwa unaobaki muda mrefu ni sifa. Ukavu unaobaki muda mrefu ni kasoro. Hapa ndipo ukakasi hujificha: kahawa inaweza kuonekana safi ikiwa mdomoni, kisha ukaanza kuusikia mdomo umekauka baada ya kumeza. Asiyesubiri sekunde hizo ataipitisha kahawa mbovu.

Chanzo cha kila kimoja

Uchungu wa kahawa hutoka zaidi kwenye moto. Kadiri unavyokaanga mpaka punje ziwe nyeusi, ndivyo vitu vichungu vinavyoongezeka. Kafeini nayo huchangia sehemu, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa hiyo mtu akilalamika kuhusu uchungu, tazama kwanza ukaangaji na aina ya kahawa.

Chanzo kikubwa cha ukakasi ambacho kiko mikononi mwa mkulima ni tunda lililochumwa bichi. Punje ya tunda la kijani haijakomaa. Mara nyingi ni ndogo, kingo zake zimejikunja kwa ndani, ina rangi ya kijani iliyofifia, na utando wake mwembamba umeng'ang'ania kiasi kwamba haubanduki kwa kucha. Ikikaangwa na wenzake, nyingi hubaki zimepauka huku nyingine zikiwa za kahawia.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kuamini kwamba kuelea kwenye maji kutaondoa mabichi. Ukimwaga matunda kwenye ndoo ya maji, yanayoelea ni yale matupu, yaliyotobolewa na wadudu au yaliyokaukia mtini. Tunda la kijani mara nyingi lina uzito wa kutosha kuzama pamoja na mekundu. Kuelea ni hatua nzuri, lakini mabichi yanaondolewa kwa jicho na mkono tu, wakati wa kuchuma na tena kwenye turubai kabla ya kumenya.

Jaribio la nyumbani

Usikubali maneno haya bila kuyahakikisha. Siku moja ya mavuno, pima kilo 5 za matunda jinsi unavyochuma siku zote. Pembeni yake, chagua kilo 5 za mekundu yaliyoiva tu. Menya, osha na kausha mafungu yote mawili kwa namna moja na kwa siku zilezile, ila yasichanganyike. Kila fungu litakupa takriban kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda la ndani, na hiyo inatosha kabisa.

Koboa kidogo kutoka kila fungu, kisha kaanga kiasi sawa, kwenye moto uleule na kwa muda uleule, mpaka rangi ya kahawia ya kati. Usiikaange ikawa nyeusi, maana uchungu wa moto utauficha ukakasi unaoutafuta.

Saga isiwe laini sana. Kwenye kikombe cha mililita 200 weka gramu 11, kiasi ambacho hakitofautiani na kile kinachotumiwa na waonjaji wenyewe, yaani gramu 8.25 kwa mililita 150. Kama huna mizani, tumia kijiko kimoja na usawazishe juu kila mara. Mimina maji yaliyotoka kuchemka na kutulia kidogo. Baada ya dakika 4 vunja utando wa juu kwa kijiko na uondoe povu. Subiri mpaka dakika 10 hivi zitimie ndipo uonje, kwa sababu kahawa ya moto sana huunguza ulimi na kuficha kila kitu.

Sasa mwombe mtu mwingine apange vikombe vitatu usiviona: viwili vya fungu moja na kimoja cha fungu la pili. Kazi yako ni kutaja kile cha tofauti, na kusema kinakausha au hakikaushi. Kwa kubahatisha tu utapata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia mara kadhaa, na wengine nyumbani wajaribu pia. Kati ya kikombe na kikombe sukutua kwa maji, tafuna kipande cha mkate usio na sukari, na subiri dakika moja. Usiposubiri, ukakasi wa kikombe cha kwanza utahamia cha pili, nacho kitalaumiwa bure. Ndiyo maana ni lazima mpangilio ubadilike kila mzunguko.

Kama wote mnakitambua kikombe cha matunda mchanganyiko na mnasema kinakausha fizi, jibu mmelipata: tatizo liko kwenye kuchuma. Kama vikombe vyote vinakausha sawa, hata kile cha matunda mekundu, kuchuma peke yake si maelezo. Peleka sampuli zote mbili kwa waonjaji ziangaliwe pamoja. Na kama hakuna kinachokausha lakini vyote ni vichungu, kaanga upya kwa moto mdogo zaidi kabla hujamlaumu mbuni.

Jaribio hili halitakupa alama kama za maabara ya kuonja. Litakupa jambo dogo zaidi lakini la lazima: siku nyingine karatasi ikirudi imeandikwa ukakasi, hutaisoma kuwa uchungu, na utajua uanze kurekebisha wapi.